Neva za Mwendo wa Jicho na Refleksi ya Mwanga ya Mboni: Ufafanuzi wa Maswali ya Mtihani kwa Mifano ya Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kujibu maswali ya mtihani wa anatomia ya mfumo wa neva yanayohusu neva tatu zinazoendesha jicho na njia ya refleksi ya mwanga ya mboni. Hoja kuu ni kwamba maswali hayo humtaka mtahiniwa aoneshe mahali palipoharibika, na kwamba kutaja jina la neva pekee hakutoshelezi. Hoja hiyo inathibitishwa kwa visa viwili vya kubuni vilivyowekwa katika mazingira halisi ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera: cha majeraha ya kichwa na cha homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi. Katika kisa cha kwanza, mboni iliyotanuka inadai mgonjwa apelekwe haraka kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Katika kisa cha pili, jicho lililoshindwa kugeuka nje halimzuii tabibu kutoa maji ya uti wa mgongo, bali linamhimiza ayatoe. Makala yanaonesha kuwa tofauti ya maamuzi hayo mawili inatokana na anatomia.

Istilahi muhimu: mboni, refleksi ya mwanga, neva ya tatu, neva ya sita, ubongo wa kati, shinikizo ndani ya fuvu

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wilaya hizi mbili zimepakana na Uganda na Rwanda, na wakazi wake wengi huishi kwa kilimo cha migomba, kahawa na maharage. Mgonjwa wa kawaida katika eneo hili huzungumza Kinyambo nyumbani na Kiswahili anapofika zahanati, ilhali tabibu anayempokea alisomea anatomia kwa Kiingereza. Maarifa hayo, kwa hiyo, hupita katika lugha tatu kabla ya kumfikia anayeyahitaji. Mgonjwa husema, "Naona vitu viwili viwili," na tabibu anapaswa kutoka katika kauli hiyo hadi kwenye neva, kisha kutoka kwenye neva hadi mahali ilipoguswa.

Umbali nao una nafasi yake. Zahanati na vituo vya afya vya vijijini havina mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambayo iko mamia ya kilomita kwa barabara. Katika saa za mwanzo, kifaa cha kuchunguzia shina la ubongo ambacho tabibu hakosi ni tochi. Swali la mtihani kuhusu mboni hupima kama tabibu anaweza kusoma kile ambacho tochi hiyo inamwonesha.

2.0 Njia ya Refleksi ya Mwanga

Mboni ni tundu lililo katikati ya irisi, yaani duara lenye rangi la jicho. Katika mwanga mkali upana wake kwa mtu mzima huwa kati ya milimita 2 na 4, na gizani hufikia milimita 4 hadi 8. Kusinyaa kwa mboni pale mwanga unapoingia ni tendo lisilohitaji hiari wala fahamu. Ndiyo sababu linaweza kupimwa hata kwa mgonjwa aliyezimia.

Njia ya tendo hili ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hupeleka taarifa. Mwanga hupokelewa na retina, na taarifa husafiri kwa neva ya kuona, ambayo ndiyo neva ya pili ya fuvu. Neva za macho yote mawili hukutana chini ya ubongo, na hapo nyuzi zinazotoka nusu ya retina iliyo upande wa pua huvuka kwenda upande wa pili. Baada ya makutano hayo, nyuzi za refleksi huachana na nyuzi za kuona. Nyuzi za kuona huenda kwenye talamasi, na kutoka hapo hadi gamba la ubongo lililo kisogoni. Nyuzi za refleksi hazifiki huko. Hushuka hadi sehemu ya juu ya ubongo wa kati na kuishia katika kiini kiitwacho pretekta.

Kila pretekta, ya kulia na ya kushoto, hupeleka taarifa kwenye viini vya Edinger-Westphal vya pande zote mbili. Viini hivyo vimo ndani ya ubongo wa kati, na ndipo sehemu ya pili ya njia, ile ya kupeleka amri, inapoanzia. Nyuzi za amri husafiri pamoja na neva ya tatu, hupumzika katika ganglia ya siliari iliyo nyuma ya mboni ya jicho, kisha hufika kwenye msuli wa duara unaoisinyaza mboni.

Njia hii, basi, huvuka mara mbili: kwenye makutano ya neva za kuona, na tena kati ya pretekta na viini vya Edinger-Westphal. Matokeo yake ni kwamba mwanga ukiingia jicho moja, mboni zote mbili husinyaa kwa pamoja na kwa kiasi kilekile. Kusinyaa kwa mboni ya jicho lililomulikwa huitwa mwitikio wa moja kwa moja, na kusinyaa kwa mboni ya jicho la pili huitwa mwitikio wa kushirikiana. Mtahiniwa anayeyaelewa mavuko haya mawili hana haja ya kukariri majibu, kwa kuwa anaweza kuyakokotoa.

2.1 Maswali mawili yanayotatua swali moja

Mtahiniwa akipewa matokeo ya tochi, anapaswa kujiuliza: ni jicho gani lilipomulikwa ambapo hakuna mboni iliyosinyaa? Kisha: ni mboni gani isiyosinyaa hata jicho lipi likimulikwa? Swali la kwanza huchunguza sehemu ya kupeleka taarifa, na la pili huchunguza sehemu ya kupeleka amri. Jedwali lifuatalo linaonesha jinsi majibu yanavyotofautiana pale upande wa kulia unapoathirika.

Jedwali 1: Mwitikio wa mboni kulingana na mahali palipoharibika

| Mahali palipoharibika | Jicho la kulia likimulikwa | Jicho la kushoto likimulikwa |
|---|---|---|
| Hakuna | Mboni zote husinyaa | Mboni zote husinyaa |
| Neva ya kuona ya kulia, imekatika kabisa | Hakuna mboni inayosinyaa | Mboni zote husinyaa |
| Neva ya tatu ya kulia | Ya kushoto pekee husinyaa | Ya kushoto pekee husinyaa |
| Gamba la ubongo la kuona, pande zote | Mboni zote husinyaa | Mboni zote husinyaa |

Safu ya pili ya jedwali ndiyo yenye mtego unaowakamata watahiniwa wengi. Wengi hudhani kuwa jicho lililopofuka kwa kukatika neva ya kuona lazima liwe na mboni kubwa kuliko jingine. Si hivyo. Jicho la kushoto zima linaendelea kupeleka taarifa kwenye viini vyote viwili vya Edinger-Westphal, na viini hivyo huziamuru mboni zote mbili sawasawa. Katika mwanga wa kawaida wa chumba, mboni za mgonjwa huyo zitalingana. Upofu wake utafichuka tochi inapohamishwa kutoka jicho moja hadi jingine. Ikiwa neva imeharibika kwa kiasi bila kukatika, mboni zote mbili zitatanuka kidogo tochi inapohamia jicho la kulia, kwa kuwa taarifa inayofika ubongoni ni hafifu kuliko ile iliyotoka jicho la kushoto. Kinyume chake, mboni zinazotofautiana ukubwa humwelekeza mtahiniwa kwenye sehemu ya kupeleka amri au kwenye irisi yenyewe.

Safu ya nne nayo ina mfano ulio karibu. Kagera ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi, na mtoto aliyepona malaria kali ya ubongo anaweza kubaki haoni kwa muda kwa sababu gamba la ubongo la kuona limeathirika. Mama yake atasema mtoto hamtazami, huku mboni za mtoto zikisinyaa vizuri tochi inapowashwa. Kauli hizo mbili hazipingani. Nyuzi za refleksi zimekwisha kuachana na nyuzi za kuona kabla ya kufika mahali palipoumia.

3.0 Neva Tatu na Misuli Sita

Kila jicho huendeshwa na misuli sita. Neva ya sita huendesha mmoja tu, ule unaolivuta jicho kwenda nje, upande wa sikio. Neva ya nne pia huendesha mmoja, msuli wa mshazari wa juu, ambao kazi yake huonekana zaidi pale jicho lililogeukia puani linapotakiwa kutazama chini. Aliyeathirika neva ya nne hulalamika anaposhuka ngazi au anaposoma, na huinamishia kichwa chake upande wa pili ili picha mbili zikutane. Misuli minne iliyosalia, pamoja na msuli unaoinua kope, huendeshwa na neva ya tatu, ambayo pia hubeba nyuzi za kusinyaza mboni.

Neva ya tatu ikishindwa kabisa, dalili zake hutokana na mgawanyo huo. Kope huanguka kwa sababu msuli wake umelegea. Jicho huelekea nje na chini kidogo kwa kuwa misuli ya neva ya sita na ya nne imebaki bila mpinzani. Mboni hutanuka kwa kuwa msuli wa kuisinyaza hauna amri, huku ule wa kuitanua ukiendelea kupata amri kwa njia nyingine.

Jambo linaloulizwa mara nyingi zaidi kuhusu neva hii ni mpangilio wa nyuzi ndani yake. Nyuzi za mboni hupita juu juu, karibu na ganda la neva, kwenye upande wake wa juu na wa ndani. Nyuzi za misuli ya kuendesha jicho zimo katikati. Kitu kinachoibana neva kutoka nje, kama vile uvimbe wa ateri au ubongo uliosukumwa, huzigusa nyuzi za mboni mapema. Kisukari huathiri mishipa midogo ya damu inayolisha kiini cha neva, na nyuzi za nje mara nyingi husalimika. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na kope lililoanguka na jicho lililogeuka nje huku mboni yake ikisinyaa vizuri. Kanuni hii ina mipaka. Mboni iliyosalimika siku ya kwanza inaweza kutanuka siku chache baadaye iwapo chanzo ni kubanwa, na ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo hupimwa tena na tena.

4.0 Kisa cha Kwanza: Mboni Iliyotanuka Baada ya Ajali

Swali la mfano ni hili. Dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 24, ambaye hakuvaa kofia ngumu, ameanguka katika barabara ya kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda. Alizimia dakika chache, akaamka, akazungumza na waliomwokota. Saa mbili baadaye amelala fofofo katika kituo cha afya. Hufungua macho akifinywa, hutoa sauti zisizoeleweka, na huupeleka mkono wake mahali anapofinywa. Mboni ya kulia ina milimita 6, ya kushoto milimita 3. Tochi ikielekezwa jicho la kulia, mboni ya kushoto pekee husinyaa. Ikielekezwa jicho la kushoto, mboni ya kushoto pekee husinyaa. Mkono na mguu wa kushoto ni dhaifu. Mtahiniwa anaulizwa: palipoharibika ni wapi, na chanzo ni nini?

Hatua ya kwanza ni kuuondoa uwezekano wa neva ya kuona. Jicho la kulia lilipomulikwa, mboni ya kushoto ilisinyaa, kwa hiyo taarifa kutoka jicho la kulia imefika ubongoni. Hatua ya pili ni kuthibitisha sehemu ya amri. Mboni ya kulia haikusinyaa kwa tochi yoyote kati ya zile mbili, kwa hiyo kasoro iko kati ya kiini cha Edinger-Westphal cha kulia na msuli wa irisi ya kulia. Huo ni safu ya tatu ya Jedwali 1.

Hatua ya tatu ni kupata mahali mahususi ndani ya njia hiyo. Kiwango cha fahamu kwa kipimo cha Glasgow ni 2 kwa macho, 2 kwa sauti na 5 kwa mwendo, jumla 9 kati ya 15. Mtu mwenye jeraha la jicho pekee hapotezi fahamu. Udhaifu wa kushoto unaonesha kuwa nyuzi za mwendo za upande wa kulia wa ubongo nazo zimeguswa. Mahali ambapo neva ya tatu ya kulia, nyuzi hizo za mwendo na shina la ubongo vinakaribiana ni kando ya ubongo wa kati, kwenye uwazi wa utando unaotenganisha ubongo mkubwa na ule mdogo. Damu inayokusanyika kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo, mara nyingi baada ya kuchanika ateri iliyo ndani ya mfupa wa panja, huusukuma ukingo wa ndani wa lobu ya pembeni kupitia uwazi huo. Ukingo huo hukutana na neva ya tatu na kuibana. Muda wa kuamka na kuzungumza kabla ya kuzimia tena unaafikiana na damu inayojikusanya polepole.

Hapa watunga maswali huweka mtego mwingine. Badala ya udhaifu wa kushoto, swali linaweza kusema mkono na mguu wa kulia ndio dhaifu, upande uleule wa mboni iliyotanuka. Mtahiniwa anayetegemea kanuni kwamba ubongo wa kulia huendesha mwili wa kushoto atahamisha jeraha kwenda kushoto. Mwaka 1929 Kernohan na Woltman walieleza namna ubongo wa kati unavyoweza kusukumwa hadi nyuzi za mwendo za upande wa pili zikabanwa kwenye ukingo mgumu wa utando. Matokeo yake ni udhaifu upande uleule wenye damu. Mboni na udhaifu vinapopingana kwa namna hii, mboni huwa kielelezo kinachoaminika zaidi cha upande wa damu.

Jibu la swali linaamua kitakachofanyika kituoni. Njia ya hewa inalindwa, oksijeni inatolewa, kichwa kinainuliwa kwa nyuzi 30, na shinikizo la damu halikubaliwi kushuka. Pale ambapo manitoli ipo na shinikizo la damu si la chini, dozi yake ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo ya uzito. Kwa mgonjwa wa kilo 60 anayepewa gramu 0.5 kwa kilo, hiyo ni gramu 30, sawa na mililita 150 za manitoli ya asilimia 20. Dawa hii hununua muda wa kusafiri tu, haiondoi damu. Barua ya rufaa inapaswa kutaja ukubwa wa kila mboni kwa milimita, mwitikio wake na saa iliyopimwa, kwa sababu mpokeaji atataka kujua kama mboni ilitanuka njiani au ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Neno "mboni sawa" lililonakiliwa kutoka saa iliyopita bila kuwasha tochi humnyima mgonjwa kitu pekee ambacho kingeonesha kuwa hali yake imebadilika.

5.0 Kisa cha Pili: Jicho Lisilogeuka Nje

Swali la pili linahusu mkazi wa Murongo, wilayani Kyerwa, mwanamke mwenye umri wa miaka 35 anayeishi na VVU na aliyeacha dawa za kufubaza virusi. Kwa wiki mbili amekuwa na maumivu ya kichwa yanayozidi, na sasa anaona vitu viwili vikiwa vimepangana ubavu kwa ubavu, hasa anapotazama mbali na anapotazama kulia. Anajibu maswali vizuri. Jicho la kulia halivuki katikati kwenda nje. Mboni zake zina milimita 3 na zote husinyaa. Uso wake haujapinda. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza watatu wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na swali la namna hii si la kinadharia kwa tabibu wa eneo hili.

Mtahiniwa ataona upesi kuwa neva ya sita ya kulia imeshindwa. Kosa hufuata pale anapoandika kwamba jeraha liko katika ponsi, mahali kilipo kiini cha neva hiyo. Anatomia inalikataa jibu hilo kwa sababu mbili. Kwanza, nyuzi za neva ya saba, inayoendesha uso, hukizunguka kiini cha neva ya sita, na jeraha la hapo lingeupindisha uso. Pili, kiini hicho pia huliamuru jicho la pili ligeuke kuelekea upande uleule. Kingeharibika, macho yote mawili yangeshindwa kutazama kulia. Mgonjwa huyu ana jicho moja tu lililoshindwa na uso wake ni mzima, kwa hiyo kasoro iko kwenye neva baada ya kutoka kwenye ponsi.

Vitabu vingi hueleza kuwa neva ya sita hudhurika kwa sababu ni ndefu. Maelezo hayo hayatoshi, kwani neva iliyo ndefu zaidi ndani ya fuvu ni ya nne. Sababu inayoeleweka zaidi ni mkao wake. Neva ya sita hutoka chini ya ponsi, hupanda juu ya mfupa wa sakafu ya fuvu, kisha hukata kona kali kwenye ncha ya mfupa wa sikio, mahali ilipofungwa chini ya kano. Shinikizo ndani ya fuvu linapopanda na ubongo ukasukumwa chini, neva hii huvutwa kati ya ncha mbili zisizosogea. Kushindwa kwake, basi, kunaweza kutokea bila kitu chochote kuigusa, na hakumwelekezi mtahiniwa mahali mahususi ndani ya ubongo. Kunamwelekeza kwenye shinikizo.

Kwa mgonjwa mwenye VVU na maumivu ya kichwa ya wiki mbili, chanzo cha kutiliwa shaka mapema ni homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokokasi. Fangasi hao huziba njia ambazo maji ya ubongo hunyonywa nazo kurudi kwenye damu, na shinikizo hupanda. Maji ya uti wa mgongo yanapotolewa kwa sindano kiunoni, yanafanya kazi mbili: yanapimwa ili kuwatambua fangasi, na kupungua kwake hushusha shinikizo. Shinikizo la kuanzia likizidi sentimita 25 za maji, maji hutolewa hadi lishuke, na kazi hiyo inaweza kurudiwa kila siku dalili zikiendelea.

Hapa ndipo visa viwili vinapokutana. Tabibu amefundishwa kuogopa sindano ya kiunoni kwa mgonjwa mwenye dalili za neva, na ni sahihi kuogopa. Kama dereva wa kisa cha kwanza angekuwa na homa badala ya ajali, mboni yake iliyotanuka pamoja na kupungua kwa fahamu vingeonesha kuwa ubongo umekwisha anza kusukumwa kupitia uwazi wa utando, na kutoa maji chini kungeweza kuuvuta zaidi. Lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa wa kriptokokasi inaitenga neva ya sita: kushindwa kwake peke yake hakuhesabiwi miongoni mwa dalili za kuzuia sindano. Tabibu atakayezihesabu neva zote kuwa sawa atamzuilia mwanamke huyu tiba anayoihitaji, na shinikizo lisiposhushwa linaweza kumpofusha au kumuua.

6.0 Mipaka ya Kipimo cha Mboni

Mboni inaweza kudanganya, na mtahiniwa anatakiwa kujua lini. Takribani mtu mmoja kati ya watano ana mboni zinazotofautiana kidogo kwa kuzaliwa, kwa kawaida kwa chini ya milimita 1, na zote husinyaa vizuri. Pigo la moja kwa moja kwenye jicho linaweza kuchana msuli wa irisi. Mboni hiyo itakuwa kubwa na isiyosinyaa kama ya kisa cha kwanza, lakini mara nyingi huwa na umbo lisilo duara, jicho huwa jekundu, kope na mwendo wa jicho huwa vizima, na mgonjwa akiwa macho huzungumza kawaida. Matone ya atropini hutoa picha inayofanana na hiyo. Kwa sababu hiyo, matone ya kutanua mboni hayapaswi kutiwa kwa mtu aliyeumia kichwa.

Kwa upande wa pili, mkulima aliyevuta au kunywa viuatilifu vya kundi la oganofosfeti huwa na mboni zilizosinyaa kama tundu la sindano, pamoja na mate mengi, jasho na mapigo ya moyo ya polepole. Hapo njia ya refleksi ni nzima, ila kemikali inayopeleka amri kwenye msuli haivunjwi. Mtoto wa jicho nao huziba kuona, lakini mwanga huendelea kuupita na refleksi hubaki. Jicho lenye mtoto wa jicho ambalo halipeleki taarifa ya mwanga lina ugonjwa mwingine nyuma yake, na upasuaji wa lenzi pekee hautalirudishia uoni.

Kipimo chenyewe pia kinahitaji uangalifu. Irisi ya kahawia iliyokoza hufanana rangi na mboni, na ukubwa wa mboni hauonekani vizuri tochi ikielekezwa usoni moja kwa moja. Tochi ikishikwa kwa ubavu, kutoka upande wa sikio, ukingo wa irisi hujitokeza. Chumba kikiwa na jua kali la mchana, mboni zitakuwa zimekwisha sinyaa kabla ya tochi kuwashwa, na kasoro ndogo haitaonekana. Pazia lishushwe au mgonjwa ageuziwe ukuta.

7.0 Hitimisho

Ufafanuzi uliotolewa unaonesha kuwa maswali kuhusu neva za jicho na refleksi ya mwanga hujibiwa kwa kufuata njia hatua kwa hatua: kutenganisha sehemu ya taarifa na sehemu ya amri, kisha kutafuta majirani wa neva ambao nao wameguswa au wamesalimika. Kwa dereva wa Nkwenda, majirani walioguswa walikuwa shina la ubongo na nyuzi za mwendo, na jibu likawa kubanwa kwa neva ya tatu kando ya ubongo wa kati. Kwa mwanamke wa Murongo, majirani waliosalimika, yaani neva ya saba na mwendo wa jicho la pili, ndio waliouondoa uwezekano wa ponsi na kuacha shinikizo kuwa jibu. Mtahiniwa aliyeandika "neva ya tatu" na "neva ya sita" bila kwenda mbali zaidi amepata nusu ya alama. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama gari la wagonjwa litaondoka usiku huohuo kuelekea Bukoba, au kama sindano ya kiunoni itaandaliwa palepale.